Kufunga hesabu ya mwisho ya mkataba wa ujenzi: kila kazi iwe na makao mamoja

Jengo limekabidhiwa, mwenye mali ameshika funguo, na mkandarasi ameleta kabrasha lenye hesabu yake ya mwisho. Mkadiriaji majenzi akilifungua hukuta mambo matatu yamechanganyika: kazi zilizobadilishwa kwa amri, mafungu ya fedha yaliyowekwa kwa makisio tu, na vipimo ambavyo tangu mwanzo ilijulikana kuwa vitapimwa upya. Kila moja kati ya hayo ina utaratibu wake, na hakuna lililo gumu likitazamwa peke yake. Ugumu hutokea pale yanapogusana. Nimepitia hesabu nyingi za namna hii kwa pande zote mbili, na ugomvi mkubwa mara nyingi haukuhusu bei. Ulihusu kazi moja iliyolipiwa mara mbili chini ya vichwa viwili tofauti, au kazi iliyoondolewa nusu na kurudishwa nzima.

Mwongozo huu unafuata jengo moja la mfano tangu jumla ya mkataba hadi salio la mwisho. Ni jengo la ofisi la ghorofa moja, mkataba wake ni wa bei ya jumla, na thamani yake ni 1,250,000 kabla ya kodi. Sarafu haina maana hapa, kwa hiyo nimeiacha.

Hatua ya 1: Jua unaruhusiwa kufungua nini

Kabla ya kupima chochote, soma mkataba uone ni wa aina gani. Katika mkataba wa kupima upya, kila kipengele cha jedwali la kazi na bei hupimwa baada ya kazi kufanyika, na vipimo vya mwanzo hubaki kuwa makadirio tu. Katika mkataba wa bei ya jumla, vipimo vilivyo katika jedwali vimefungwa. Utavigusa kwa sababu tatu tu: kuna amri iliyobadilisha kazi, kipengele kimeandikwa wazi kuwa ni cha makisio, au jedwali lenyewe lina kosa ambalo mkataba unaruhusu lisahihishwe.

Hili husahaulika sana. Mkandarasi akigundua kuwa plasta ya ndani imezidi kidogo vipimo vya jedwali, atataka ipimwe upya. Mteja naye akiona rangi imepungua, atataka hivyo hivyo. Kama hakuna amri, hakuna alama ya makisio na hakuna kosa la jedwali, jibu kwa wote wawili ni moja: kipengele hicho hakifunguliwi.

Jengo letu lina vitu vya makisio vya aina mbili. Kwanza, vipimo vyote vya msingi ni vya makisio, kwa sababu hali ya udongo haikujulikana vizuri wakati wa zabuni. Pili, kuna mafungu matatu ya fedha ya makisio: umeme 90,000, kazi za nje 40,000, na dharura 50,000. Juu ya fungu la umeme, mkandarasi mkuu aliweka faida ya asilimia 5, yaani 4,500, na huduma kwa mkandarasi mdogo 2,000 kwa jumla.

Angalia pia kama kulikuwa na kosa la hesabu lililorekebishwa wakati wa zabuni. Mara nyingine jumla ya jedwali hailingani na bei aliyoitoa mkandarasi, na pande mbili hukubaliana kuweka asilimia ya marekebisho ili bei ibaki ilivyo. Asilimia hiyo haibaki kwenye ukurasa wa muhtasari peke yake. Inafuata bei za jedwali kila zinapotumika tena, kwenye kupima upya na kwenye mabadiliko, kwa namna mkataba ulivyoeleza. Jengo letu halikuwa na kosa hilo, kwa hiyo bei zinatumika kama zilivyo.

Hatua ya 2: Andika rejista, na kila amri ipewe makao mamoja

Hatua hii ndiyo inayookoa muda wote unaofuata. Kusanya kila amri iliyotolewa wakati wa ujenzi, zikiwemo zile za mdomo zilizothibitishwa baadaye kwa barua na zile zilizoandikwa kwenye kumbukumbu za vikao vya saiti. Zipange kwa tarehe na uzipe namba. Kisha, mbele ya kila amri, jaza safu moja tu: itahesabiwa wapi? Majibu ni manne. Kwenye mabadiliko, kwenye kupima upya, kwenye fungu la makisio, au haina athari ya fedha.

Jengo letu lilikuwa na amri sita:

- Amri ya 1, kubadilisha milango 12: mabadiliko.
- Amri ya 2, kuongeza ukuta wa ndani: mabadiliko.
- Amri ya 3, kushusha msingi upande mmoja hadi mita 1.7: kupima upya.
- Amri ya 4, kubadilisha mabati ya paa: mabadiliko.
- Amri ya 5, kuongeza taa za nje: fungu la umeme.
- Amri ya 6, kubomoa na kuziba ukuta uliokwisha jengwa ili bomba lipite: mabadiliko.

Amri ya 3 na ya 5 ndizo za kuangalia kwa makini. Zote mbili ni amri halali, zimetiwa saini, na mkandarasi ana haki ya kulipwa kazi hizo. Lakini thamani ya amri ya 3 imo tayari ndani ya vipimo vipya vya msingi, kwa sababu mtaro unapimwa ulivyochimbwa, pamoja na ule uliochimbwa kwa amri hiyo. Thamani ya amri ya 5 imo ndani ya hesabu ya mkandarasi mdogo wa umeme. Kwenye orodha ya mabadiliko, amri hizi mbili zibaki na namba zake, na mahali pa fedha paandikwe sifuri pamoja na maneno "tazama vipimo vya msingi" na "tazama fungu la umeme". Usizifute. Amri ikitoweka kwenye orodha, mkandarasi atadhani umeisahau na atairudisha.

Hatua ya 3: Pima msingi upya

Kanuni ni kutoa chote na kurudisha kilichofanyika. Usihesabu tofauti peke yake. Ondoa thamani yote ya vipimo vya makisio kama ilivyo kwenye jedwali, kisha ongeza thamani yote ya vipimo halisi kwa bei zile zile. Anayetafuta tofauti tu hupotea, maana hubaki hajui alianzia namba gani.

Jedwali la jengo letu lilikuwa limekadiria mtaro wa mita 200, upana mita 0.8, kina mita 1.2. Zege la msingi lilikuwa na unene wa mita 0.2, na juu yake ukuta wa msingi wa unene wa mita 0.2 uliopanda hadi mita 0.3 juu ya ardhi. Saiti ikaonyesha mambo mengine. Mita 120 zilibaki kwenye kina cha 1.2, lakini mita 80 zilikutana na udongo laini, zikashushwa hadi 1.7. Mwamba uliokisiwa kuwa mita za ujazo 20 ukaonekana 6 tu.

Vipimo vipya vinatoka hivi:

```
Kuchimba:  80 x 0.8 x 1.7  = 108.8
          120 x 0.8 x 1.2  = 115.2
                     jumla = 224 m3
Zege:     200 x 0.8 x 0.2  = 32 m3
Ukuta:    80 x 1.8 + 120 x 1.3 = 300 m2
Kujaza:   224 - 32 - 48    = 144 m3
Kuondoa:  224 - 144        = 80 m3
```

Ile 48 ni ujazo wa ukuta ulio chini ya ardhi: mita za mraba 240 kwa unene wa 0.2. Tukiweka bei za jedwali, picha ni hii:

| Kipengele | Bei | Jedwali | Halisi |
|---|---|---|---|
| Kuchimba mtaro, kina kisichozidi mita 2 | 12 | 192 m³ = 2,304 | 224 m³ = 2,688 |
| Ziada ya kuchimba mwamba | 40 | 20 m³ = 800 | 6 m³ = 240 |
| Kujaza udongo | 5 | 120 m³ = 600 | 144 m³ = 720 |
| Kuondoa udongo saiti | 8 | 72 m³ = 576 | 80 m³ = 640 |
| Zege la msingi | 190 | 32 m³ = 6,080 | 32 m³ = 6,080 |
| Ukuta wa msingi | 30 | 260 m² = 7,800 | 300 m² = 9,000 |
| Jumla | | 18,160 | 19,368 |

Ongezeko halisi ni 1,208.

Sasa tazama alichokileta mkandarasi. Kuchimba aliandika mita za ujazo 240, na kuondoa udongo 98. Kujaza alikubali 144. Hapa kuna jaribio ambalo halihitaji kutoka ofisini: udongo uliojazwa ukijumlishwa na ulioondolewa lazima ulingane na uliochimbwa, maana udongo hauna pengine pa kwenda. Kwetu, 144 na 80 ni 224. Kwake, 144 na 98 ni 242, wakati kuchimba ni 240. Namba hazifungi, na mahali zinapokataa kufunga ndipo kosa lilipo.

Makosa yalikuwa mawili. Kwenye kuchimba, alipima mtaro kama ulivyobomoka kingo, upana wa karibu sentimita 86. Kanuni za upimaji wa majengo hulipa ujazo halisi unaotakiwa na mchoro, yaani sentimita 80. Kinachobomoka pembeni mkandarasi anatarajiwa kuwa alikifikiria kwenye bei yake. Kwenye kuondoa udongo, alihesabu malori: safari 14 za mita za ujazo 7, ambazo ni 98. Safari hizo ni za kweli na stakabadhi zake zipo. Lakini udongo ukitoka ardhini huumuka, na hapa uliumuka kwa asilimia 22.5, kiwango cha kawaida kabisa. Jedwali hulipa ujazo ulivyokuwa ardhini, kwa hiyo zile 98 za kwenye lori ni zile zile 80 za kwenye mtaro. Mkandarasi hakudanganya. Alitumia kipimo kisicho cha mkataba, na ukimweleza hivyo mbele ya hesabu yenyewe huelewa upesi.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuondoka kwenye msingi. La kwanza ni kina. Jedwali letu lilisema kisichozidi mita 2, hivyo bei ya 12 inafaa hadi 1.7. Lau lingesema kisichozidi mita 1.5, sehemu ya mita 80 ingehitaji bei nyingine, pengine pamoja na gharama ya kuegemeza kingo za mtaro zisianguke.

La pili ni bei yenyewe vipimo vinapobadilika sana. Mwamba ulipungua kwa asilimia 70, na mkandarasi anaweza kusema alileta mashine ya kuvunjia kwa kutarajia mita za ujazo 20, na gharama ya kuileta haishuki kwa sababu mwamba umekuwa 6. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake liko kwenye mkataba. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi uliotolewa na FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kwa mfano, kinaruhusu bei mpya kama masharti haya yametimia yote kwa pamoja: kipimo kimebadilika kwa zaidi ya asilimia 10, badiliko hilo likizidishwa kwa bei linazidi asilimia 0.01 ya kiasi cha mkataba kilichokubaliwa, badiliko lenyewe limegeuza gharama ya kila kipimo kwa zaidi ya asilimia 1, na kipengele hakikutajwa kuwa cha bei isiyobadilika. Mawili ya kwanza yangetimia hapa bila shida: mita za ujazo 14 kwa bei ya 40 ni 560, na asilimia 0.01 ya 1,250,000 ni 125. La tatu mkandarasi angetakiwa kulithibitisha kwa hati za gharama ya mashine. Kwenye jengo letu hakuzileta, na bei ikabaki 40.

Yote haya yanasimama juu ya karatasi moja: vipimo vya mtaro vilivyochukuliwa kabla ya zege kumwagwa, vikiwa na saini ya pande zote mbili. Msingi ukishafukiwa hakuna wa kuupima. Niliwahi kurithi hesabu ambayo haikuwa na karatasi hizo. Tulibaki na picha chache zilizoonyesha fundi amesimama mtaroni, tukakadiria kina kwa urefu wa mtu. Tulikubaliana namba, lakini hadi leo sina hakika kuwa mkandarasi yule alipata haki yake. Andika mstari wa kila mhimili, kina chake, tarehe, na weka saini siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Funga mafungu ya makisio

Fungu la makisio ni fedha iliyowekwa kwenye mkataba kwa kazi ambayo haikuweza kuelezwa kikamilifu wakati wa zabuni. Fungu lote huondolewa, pamoja na kila kitu kilichoning'inizwa juu yake, kisha thamani ya kazi iliyofanyika huongezwa.

Umeme: tunaondoa 90,000, faida 4,500 na huduma 2,000, jumla 96,500. Hesabu ya mwisho ya mkandarasi mdogo, baada ya kukaguliwa, ni 83,400, na ndani yake zimo taa za nje za amri ya 5 zenye thamani ya 6,200. Faida ni asilimia, kwa hiyo inafuata kiasi kipya: asilimia 5 ya 83,400 ni 4,170. Huduma iliwekwa kwa jumla, siyo kwa asilimia, na kazi ya kumpa mkandarasi mdogo jukwaa, maji na mahali pa kuhifadhi vifaa haikupungua, kwa hiyo inarudi 2,000 ile ile. Tunaongeza 89,570.

Kosa la kawaida hapa ni kuondoa 90,000 peke yake na kusahau ile 4,500. Mkandarasi hubaki na faida ya zamani, kisha hupata na mpya. Ukiona hesabu ambayo faida ya mkandarasi mdogo imo kwenye kuongeza lakini haimo kwenye kuondoa, umelipata.

Kazi za nje zilifanywa na mkandarasi mkuu mwenyewe, kwa hiyo hazina ankara ya mtu mwingine. Hupimwa na kuwekewa bei kama mabadiliko. Sakafu ya vitofali mita za mraba 620 kwa 38 ni 23,560. Mifereji mita 85 kwa 64 ni 5,440. Kingo za njia mita 140 kwa 22 ni 3,080. Jumla 32,080 dhidi ya fungu la 40,000. Wateja wengine hushangaa wakiambiwa kuwa 7,920 iliyobaki ni yao. Wakandarasi wengine hudhani fungu ni ahadi. Lilikuwa kisio tu, na kisichotumika hakilipwi.

Dharura ndiyo inayochanganya watu zaidi. Ile 50,000 huondolewa yote, bila kurudisha hata senti. Ilitumika, ndiyo, lakini ilitumika kupitia amri, na amri hizo zina mahali pake pa kuhesabiwa. Ukiiacha dharura ndani ya jumla na kuongeza mabadiliko juu yake, umelipa mara mbili. Ukisema mabadiliko yasiongezwe kwa kuwa "yalitoka kwenye dharura", kisha ukaiondoa dharura, umemdhulumu mkandarasi.

Hatua ya 5: Thamini mabadiliko

Utaratibu wa bei kwenye mikataba mingi unafanana. Kazi ikiwa ya namna ile ile na katika mazingira yale yale, bei ya jedwali inatumika. Ikiwa ya namna hiyo lakini mazingira yamebadilika, bei ya jedwali inakuwa msingi na kurekebishwa. Ikiwa haifanani na chochote, inatafutwa bei ya haki. Na kazi isiyopimika hulipwa kwa muda wa watu, mashine na vifaa.

Amri ya 1 ni rahisi: ondoa milango 12 ya paneli kwa 310, yaani 3,720, ongeza milango 12 ya bapa kwa 190, yaani 2,280. Bei zote zilikuwemo kwenye jedwali. Amri ya 2 ni ukuta mpya mita za mraba 46 kwa 28, ambao ni 1,288, plasta pande mbili mita 92 kwa 9, ambayo ni 828, na rangi mita 92 kwa 5, ambayo ni 460. Jumla 2,576. Hapa mara nyingi husahaulika upande wa pili wa ukuta. Ukuta mmoja una nyuso mbili za plasta na rangi.

Amri ya 4 inastahili kutulia. Mabati mita za mraba 540 yaliyokuwa kwa bei ya 21 yalibadilishwa kuwa mazito zaidi, ambayo hayakuwa na bei kwenye jedwali. Mkandarasi aliandika 29 bila maelezo. Nilimwomba mchanganuo wa bei ya zamani. Ilikuwa na vifaa 13 pamoja na upotevu, na kilichobaki kilikuwa ufundi, gharama za uendeshaji na faida. Ankara za mabati mapya zilitoa vifaa 17 pamoja na upotevu ule ule. Ufundi haukubadilika: mafundi wale wale, mteremko ule ule, misumari ile ile. Kwa hiyo kinachoongezeka ni 4, na juu yake asilimia 10 ya uendeshaji na faida iliyokuwa kwenye mchanganuo wake mwenyewe, inakuwa 4.40. Bei mpya ni 25.40. Tunaondoa 540 kwa 21, ambayo ni 11,340, na kuongeza 540 kwa 25.40, ambayo ni 13,716.

Uzuri wa njia hii ni kwamba bei mpya inabaki kwenye kiwango cha mkataba. Kama mkandarasi aliweka bei ya chini ili apate kazi, bei mpya nayo inabaki chini kwa kiasi kile kile. Kama aliweka ya juu, mteja haipunguzi sasa kupitia amri moja.

Amri ya 6 ililipwa kwa karatasi za kutwa, 1,140. Karatasi zilionyesha majina ya mafundi, saa walizofanya na vifaa, na zilikuwa zimetiwa saini na msimamizi wa saiti ndani ya wiki ile. Saini yake inathibitisha kuwa saa hizo zilifanyika. Haithibitishi kuwa kazi hiyo inastahili kulipwa kwa njia hiyo, na hilo bado ni la mkadiriaji kuamua. Kubomoa na kuziba ukuta hakupimiki kwa namna yenye maana, kwa hiyo njia ilifaa.

Mabadiliko yote pamoja: kuondoa 15,060, kuongeza 19,712.

Hatua ya 6: Andika taarifa yenyewe

| | Ondoa | Ongeza |
|---|---|---|
| Umeme, pamoja na faida na huduma | 96,500 | 89,570 |
| Kazi za nje | 40,000 | 32,080 |
| Dharura | 50,000 | 0 |
| Vipimo vya msingi | 18,160 | 19,368 |
| Mabadiliko | 15,060 | 19,712 |
| Jumla | 219,720 | 160,730 |

Jumla ya mkataba 1,250,000, ukiondoa 219,720 inabaki 1,030,280. Ukiongeza 160,730, hesabu ya mwisho ni 1,191,010.

Ihakiki kwa njia ya pili: chukua tofauti ya kila mstari, yaani pungufu 6,930, pungufu 7,920, pungufu 50,000, zaidi 1,208, zaidi 4,652. Jumla yake ni pungufu 58,990, na 1,250,000 ukitoa 58,990 ni 1,191,010. Nyuma ya muhtasari huu ambatisha kurasa za vipimo, ankara na amri, kila moja ikiwa na namba inayorejea kwenye mstari wake.

Gharama za jumla za saiti, kama uzio, ulinzi na ofisi ya muda, hazikuguswa hapa. Hazipandi wala kushuka zenyewe kwa sababu kazi imeongezeka. Hubadilika pale amri imebadilisha namna au muda wa kuendesha saiti, na madai ya kuchelewa yana kichwa chake pekee, mbali na mabadiliko.

Hatua ya 7: Kaa na mkandarasi juu ya tofauti, siyo juu ya jumla

Hesabu ya mkandarasi ilikuwa 1,201,258. Mkutano wetu wa kwanza ulianza kwa karatasi moja yenye mistari mitano tu:

- Amri ya 3, imo pia kwenye vipimo vya msingi: 1,768.
- Amri ya 5, imo pia kwenye hesabu ya umeme: 6,200.
- Bei ya mabati, 29 dhidi ya 25.40: 1,944.
- Kuchimba, mita za ujazo 16 za kingo zilizobomoka: 192.
- Kuondoa udongo, mita za ujazo 18 za kuumuka: 144.

Jumla 10,248, ndiyo tofauti nzima. Alichonga midomo kuhusu mstari wa kwanza. "Lakini amri ninayo, na imetiwa saini," alisema. Nikamwonyesha kuwa 1,768 yake ni kuchimba 384, ukuta 1,200, kujaza 120 na kuondoa 64, na kila moja ya namba hizo ndiyo tofauti ile ile iliyo kati ya safu mbili za jedwali la msingi. Ukitoa 560 ya mwamba uliopungua, inabaki 1,208 tuliyokwisha kumpa. Alizipitia moja moja kwa kalamu, akafuta mstari mwenyewe. Mabati ndiyo yaliyochukua mkutano wa pili, na yalimalizika alipoleta ankara zake.

Baada ya kukubaliana, toa yaliyolipwa. Hati za malipo zilikuwa zimethamini kazi kwa 1,170,000, na baada ya zuio la asilimia 2.5 lililobaki, yaani fedha inayoshikiliwa hadi kasoro zirekebishwe, mkandarasi alikuwa amepokea 1,140,750. Salio ni 50,260: zuio 29,250 na thamani ambayo haikuwa imethaminiwa 21,010. Fidia ya kuchelewa kama ipo, na malipo ya awali kama hayajarejeshwa yote, hukatwa kwenye salio. Hayaingii ndani ya hesabu ya mwisho, kwa sababu hesabu hiyo inaeleza thamani ya kazi, na makato yanaeleza madeni kati ya pande mbili. Kodi huwekwa mwisho, juu ya thamani.

Zingatia siku. Chini ya Kitabu Chekundu cha FIDIC cha 1999, mkandarasi hutoa taarifa yake ya ukamilishaji ndani ya siku 84 baada ya kupata hati ya kupokelewa kwa kazi, na rasimu ya taarifa ya mwisho ndani ya siku 56 baada ya kupata hati ya utekelezaji, ambayo hutoka kasoro zikiwa zimerekebishwa. Mikataba mingine ina siku zake. Katika jengo letu pande zote mbili zilitia saini ukurasa wa muhtasari wenye 1,191,010, na sentensi moja chini yake kuwa kiasi hicho kinamaliza madai yote ya thamani ya kazi chini ya mkataba, isipokuwa zuio linalosubiri hati ya kasoro.

Sentensi hiyo isomwe kwa sauti kabla ya kalamu kushikwa. Mkandarasi mwenye dai la kuchelewa ambalo bado halijaamuliwa anatakiwa alitaje hapo kwa jina na tarehe ya barua yake. Lisipotajwa, saini yake imelizima.